Fahamu: Ada ya ushauri nasaha kulingana na kipato

Ni nini?
Ni utaratibu wa kutoza huduma ileile bei tofauti, kila mteja kwa kadiri ya kipato chake.

Hesabu inakaaje?
Tuseme mshauri nasaha wa Nairobi anatumia shilingi 80,000 kwa mwezi, mshahara wake ukiwemo, kwa vikao 40. Kila kikao kinamgharimu 2,000. Akitoa vikao 10 kwa 1,000, pengo ni 10,000. Vikao vingine 10 vya 3,000 vinaliziba.

Utaratibu huu huzama wapi?
Nafasi za nafuu zisipowekewa kikomo. Wastani wa malipo ukishuka chini ya 2,000, anayeomba nafuu asubiri nafasi. Katika kupima kipato cha mteja, kudai hati ya mshahara hakusaidii sana, maana mama mboga hana. Afadhali kuuliza kipato na idadi ya wategemezi kabla ya kikao cha kwanza.