Moyo Kwenda Mbio Saa Nane Mchana: Ni Hofu au Maji?

Mchukue kijana wa miaka 24, mwenye kilo 60, aliyetoka kwenye baridi ya Njombe siku nne tu zilizopita kuja kutafuta riziki kwenye machimbo ya Mwakitolyo, mkoani Shinyanga. Ni Oktoba, mvua bado. Tangu asubuhi anabeba viroba vya mawe kutoka kwenye duara hadi kwenye karasha. Asubuhi alikunywa chai na maandazi mawili, na saa tano akaongeza chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Saa nane mchana anainama kuchukua kiroba kingine, anainuka, na dunia inazunguka. Moyo unampiga kifuani kama ngoma. Mikono inatetemeka, na wazo moja linamjia: nakufa.

Wenzake wana majibu tayari. Mmoja anasema ni presha. Mwingine anasema ni woga wa mgeni wa machimbo. Wa tatu ananong'ona kuwa kuna mtu amemwonea kijicho. Anayeuliza kijana amekunywa maji kiasi gani ni mama lishe peke yake.

Swali la mama lishe ndilo la kuanza nalo. Mtu anayefanya kazi nzito juani anaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa, na wakati mwingine zaidi. Shinyanga ina mtego wake hapo: wakati wa kiangazi hewa ni kavu, jasho hukauka likishatoka tu, na mtu hajioni kama amelowa. Ushahidi unaobaki ni mistari myeupe ya chumvi kwenye shati. Kwa kijana wa kilo 60, kupoteza lita moja na robo tu kunatosha kuuyumbisha mwili, na kiu mara nyingi huwa imechelewa kumwambia.

Maji hayo hutoka pia kwenye damu. Damu ikipungua wingi, kila pigo la moyo husukuma kidogo kuliko kawaida, kwa hiyo moyo huongeza idadi ya mapigo kufidia. Wakati huohuo joto limeivuta damu nyingi kwenda kwenye ngozi ili mwili upoe. Mtu akiinuka ghafla, damu iliyobaki hushuka miguuni, ubongo hupungukiwa kwa sekunde chache, na hapo ndipo kizunguzungu huingia. Mwili hujibu kwa kumwaga adrenalini, homoni ileile inayotoka mtu akikutana na nyoka njiani. Ndiyo maana hofu anayoisikia kijana ni ya kweli, ingawa hakuna kilichomtisha. Kinywaji alichokunywa saa tano kina kafeini, nayo huongeza kasi ya moyo.

Kutenganisha hofu na ukosefu wa maji hakuhitaji mashine. Kunahitaji kivuli, simu yenye saa na mtu wa kukaa karibu. Kijana alazwe kivulini dakika tano. Aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo kwa sekunde 30 na kuzidisha mara mbili. Kisha asimame taratibu, mwenzake akiwa tayari kumdaka, na ahesabu tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Akisikia anataka kuanguka, alale tena mara moja. Hilo lenyewe ni jibu.

Tuseme alipolala alipata mapigo 88 kwa dakika, na aliposimama yakapanda hadi 124. Tofauti ni 36. Kwa mtu mzima, mapigo yakiongezeka kwa 30 au zaidi baada ya kusimama, ni dalili kubwa kwamba damu imepungua wingi. Mwenye maji ya kutosha kwa kawaida huongeza kama 10 hadi 20 tu.

Wasiwasi una mwenendo mwingine. Haujali sana kama mtu amelala au amesimama. Unaweza kumkuta kitandani usiku wa baridi. Mara nyingi huja na kuhema harakaharaka, ganzi kwenye midomo na vidole, hupanda kwa nguvu ndani ya dakika kumi hivi, kisha hupungua hata asipokunywa kitu. Ukosefu wa maji huja polepole na saa za kazi, huzidi mtu akisimama, hupoa akilala, na huambatana na mdomo mkavu na mkojo kidogo wenye rangi ya chai ya rangi. Lakini rangi ya mkojo ina udanganyifu: vitamini zilizomo kwenye baadhi ya vinywaji vya kuongeza nguvu huufanya uwe wa njano kali hata kwa mtu mwenye maji ya kutosha.

Jaribio la mwisho ni kunywa. Pakiti ya ORS ichanganywe kwenye lita moja ya maji safi. Isipokuwepo, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita hiyohiyo. Anywe kidogokidogo akiwa amelala kivulini. Kijana wetu akimaliza lita hiyo ndani ya saa moja, kisha akapima na kupata 74 akilala na 90 akisimama, tatizo limejitaja. Kumwaga lita nyingi za maji matupu kwa mkupuo si dawa, kwa sababu chumvi iliyotoka na jasho hairudi na damu inaweza kuzidi kuwa nyepesi.

Kipimo hiki kina mipaka. Upungufu wa damu, malaria na kutokwa na damu vinaweza kutoa namba zilezile, na baadhi ya dawa za presha huzuia mapigo kupanda. Machimboni kuna mengine mawili. Kama watu wawili au watatu wa duara moja wanaumwa kichwa na kizunguzungu kwa pamoja, hasa baada ya kulipua baruti au pampu ya mafuta kuwashwa, hiyo ni hewa yenye sumu: watoke wote, na asishuke mtu kumfuata mwenzake. Na kwa anayechoma dhahabu yenye zebaki, mikono inayotetemeka na hofu isiyoisha kwa wiki kadhaa, hata siku za mapumziko, haiponi kwa maji. Huyo aende hospitali. Aende pia, tena haraka, anayezimia, mwenye maumivu ya kifua, au ambaye mwili ni wa moto na ameanza kuongea ovyo. Huyo wa mwisho amwagiwe maji na kupepewa njiani, asilazimishwe kunywa.

Kuhusu ugeni, yule mwenzake wa pili alikuwa na nusu ya ukweli. Kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, wachimbaji walianza kufa kwa joto miaka ya 1920, na baadaye migodi ikawa inawazoesha wageni kwenye vyumba vya joto kabla ya kuwashusha chini. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili ili ujifunze kutoa jasho mapema na kubakiza chumvi. Kijana wa Njombe amefika siku ya nne. Kesho atabeba nusu ya viroba vya leo, dumu la lita tano likiwa kivulini na kikombe kimoja kila dakika 20, na saa sita mchana atahesabu mapigo yake tena, kabla dunia haijazunguka.