Masi Wakilishi na Mtetemo wa Molekuli: Istilahi Moja na Hesabu Yake

Mfasiri wa kitabu cha kemia akifika kwenye sura ya mitetemo ya molekuli hukutana na dhana ambayo jina lake la Kiingereza limejengwa juu ya kitenzi cha kupunguza. Tafsiri inayokuja upesi ni "masi iliyopungua", nasi tumeiona katika miswada zaidi ya mmoja. Kisha mfasiri huyo huyo hulazimika kuandika kwamba haidrojeni ikibadilishwa kwa deuteri, masi iliyopungua huongezeka karibu maradufu. Mwanafunzi asomaye sentensi hiyo ana haki ya kuuliza ni nini kilichopungua na kilikwenda wapi. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kazi ya dhana hiyo kwa mfano mmoja, ili istilahi ifuate kazi.

Tuchukue molekuli ya kloridi ya haidrojeni, HCl. Atomi zake mbili zimeshikana kwa kifungo ambacho hurefuka na kufupika bila kukoma, mithili ya mizigo miwili iliyofungwa kwenye ncha za springi. Atomi zote mbili husogea: ile nyepesi husogea sana na ile nzito kidogo. Kufuatilia miendo miwili kwa pamoja ni kazi ngumu, kwa hiyo wanafizikia hubadilisha jozi hiyo kwa chembe moja ya kubuni, ambayo mtetemo wake ni sawa na mtetemo wa jozi nzima. Masi ya chembe hiyo hupatikana kwa kugawanya zao la masi mbili kwa jumla yake:

μ = m₁m₂ / (m₁ + m₂)

Basi kilichopunguzwa ni idadi ya miili katika hesabu, si uzito wa kitu. Ni kweli kwamba jibu daima huwa dogo kuliko masi ya atomi iliyo nyepesi, na wapo wanaolitetea jina la zamani kwa hoja hiyo. Sisi twaona kwamba hilo ni tokeo la kanuni tu, wala si maana yake. Chembe hii inaziwakilisha atomi mbili. Kwa hiyo tunapendekeza "masi wakilishi", na ndivyo tutakavyoandika hapa.

Kwa haidrojeni yenye masi ya 1.0078 na klorini ya 34.969, masi wakilishi ni 0.9796. Deuteri ni isotopu ya haidrojeni yenye nyutroni moja katika kiini, na masi yake ni 2.0141. Ilitangazwa na Harold Urey na wenzake, na Urey akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1934 kwa ugunduzi huo. Tukiitia mahali pa haidrojeni tunapata DCl, ambayo masi wakilishi yake ni 1.9044. Kifungo chenyewe hakibadiliki, kwa sababu kifungo ni kazi ya elektroni na ya chaji za viini, na nyutroni haina chaji. Kilichobadilika ni mzigo tu, si springi.

Marudio ya mtetemo wa springi hupungua kwa kipeuo cha pili cha masi. Uwiano wa 0.9796 kwa 1.9044 ni 0.5144, na kipeuo chake cha pili ni 0.7172. Wataalamu wa miali ya infraredi hupima marudio kwa idadi ya mawimbi katika sentimita moja, na HCl hufyonza miali kwenye 2886. Tukizidisha kwa 0.7172 tunapata 2070. Lakini kipimo cha DCl ni 2091. Mwalimu asiyetumia masi wakilishi, bali akasema tu kwamba deuteri ni nzito mara mbili na kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 2, atapata 2041, na kosa lake litakuwa kubwa zaidi. Hata hivyo tofauti ya 21 iliyobaki si kosa la chombo.

Sababu yake ni kwamba kifungo si springi kamili. Springi ya vitabuni huvutwa bila kikomo. Kifungo kikivutwa mno hukatika, na kikibanwa hukataa kwa ukali. Mwaka 1929 Philip Morse alitoa kanuni ya nishati tuli yenye sura hiyo:

V = D(1 − e^(−a(r − r₀)))²

Hapa r ni urefu wa kifungo, r₀ ni urefu wake wa utulivu, D ni kina cha shimo la nishati, na a huonyesha wembamba wa shimo hilo. (Wafasiri wajihadhari na "uwezo wa Morse". Linalosemwa hapa ni nishati tuli, na "mkunjo wa Morse" ni jina linalotosha.) Kwa kanuni hii ngazi za nishati hazilingani nafasi, bali husogeleana kadiri tunavyopanda. Namba mbili zinatosha kuzieleza: marudio ya msingi, tuyaite w, na namba ya msogeleano, tuiite x. Ruko kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili ni w − 2x. Ruko hadi ya tatu ni 2w − 6x.

HCl ina ufyonzaji wa pili, hafifu, kwenye 5668. Mara mbili ya 2886 ni 5772. Tukitoa 5668 inabaki 104, nayo ni 2x. Kwa hiyo x ni 52, na w ni 2990. Sasa ndipo penye jambo lenyewe: w hupungua kwa kipeuo cha pili cha masi wakilishi, lakini x hupungua kwa masi wakilishi yenyewe. Kwa DCl, w ni 2990 × 0.7172, yaani 2144. X ni 52 × 0.5144, yaani 26.7. Ruko la kwanza ni 2144 toa 53.4, na hiyo ni 2091 kama ilivyopimwa. Deuteri hukaa chini zaidi shimoni, mahali ambapo mkunjo hufanana zaidi na ule wa springi.

Mkunjo huu una mipaka yake. Kina cha shimo kikikokotolewa kwa w² / 4x kwa namba za HCl hutoka karibu 42,980, na kina cha kweli ni karibu 37,200. Chini ya shimo Morse anaaminika. Karibu na ukingo sivyo. Tena, kwa molekuli yenye atomi nyingi kanuni ya jozi moja ni makadirio tu, maana atomi nyingine nazo hushiriki mtetemo.

Msomaji anayetaka kuijaribu istilahi yetu na aichukue klorini yenyewe. Klorini ya asili ni mchanganyiko wa isotopu mbili, 35 na 37, na iliyo nyepesi ni kama mara tatu ya nzito. Nyutroni mbili zimeongezwa, lakini masi wakilishi ya HCl yapanda kutoka 0.9796 hadi 0.9811 tu, na ufyonzaji washuka kwa takriban mawimbi 2 katika sentimita. Kipimo chenye ukali wa kutosha huonyesha kila mstari wa HCl ukiwa na mwenzake hafifu kando yake, upande wa marudio madogo. Atakayeandika kwamba "masi iliyopungua imeongezeka kidogo" atalazimika kuweka maelezo chini ya ukurasa. Atakayeandika "masi wakilishi" hatahitaji, kwa kuwa katika jozi hii anayetembea ni haidrojeni, na masi inayowakilisha mwendo huo haina budi kuwa karibu na yake.