Kompyuta ya keshia ilipopiga hodi

Simu ilipigwa Jumatatu, saa 3 kasorobo asubuhi, kutoka duka la steshenari mjini Morogoro. "Kaka, lile tatizo limerudi," alisema mwenye duka. Kompyuta ya keshia ilikuwa imetoa ujumbe `Windows has detected an IP address conflict`, na programu ya mauzo ilikuwa haifunguki kwenye kompyuta nyingine zote. Wateja walikuwa wamepanga foleni kwenye kaunta.

Tatizo hilo lilikuwa na miezi kadhaa. Mafundi wawili walishapita kabla yangu. Wa kwanza alibadilisha kebo, akahamisha kompyuta kwenye tundu jingine la swichi. Wa pili aliweka Windows upya. Kila mara mambo yalitulia kwa wiki moja au mbili, kisha yakarudi. Nilimuuliza mwenye duka kama kuna siku maalumu. Akafikiri, akajibu kwamba karibu kila mara ni Jumatatu, ingawa si kila Jumatatu. Jibu hilo lilinisaidia kuliko kifaa chochote nilichokuwa nacho kwenye begi.

Kila kifaa kwenye mtandao wa ndani lazima kiwe na anwani yake, namba kama `192.168.1.104`, ambayo vifaa vingine vinaitumia kukipata. Vifaa viwili vikishika namba moja, ujumbe wa mmoja unaweza kumfikia mwenzake, au usimfikie yeyote. Kwa hiyo kompyuta hupiga hodi kabla ya kuanza kutumia anwani. Inatangaza kwa vifaa vyote vya mtandao ule: nani anatumia `192.168.1.104`? Inauliza hivyo mara kadhaa, kwa kawaida mara 3 ndani ya sekunde chache. Kukiwa kimya, inaingia. Sauti ikijibu kutoka ndani, inajua chumba kina mtu. Lugha ya hodi hiyo inaitwa ARP, nayo ilitungwa mwaka 1982.

Ila hodi humfikia aliye macho tu. Kompyuta iliyozimwa haijibu, hata kama anwani ile imeandikwa ndani yake kwa miaka. Mgongano wa pale dukani ulianzia hapo.

Anwani hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kugawiwa na ruta kupitia utaratibu uitwao DHCP. Ruta inafanya kazi kama mpokezi wa gesti mwenye daftari: mgeni anafika, anapewa chumba kwa muda fulani, jina linaandikwa. Ruta ya duka lile ilikuwa inagawa namba kuanzia `192.168.1.100` hadi `192.168.1.199`, kwa saa 24. Kifaa kikiendelea kuwepo, kinaomba kuongezewa muda ukifika nusu, yaani baada ya saa 12. Kikiondoka na saa 24 zikaisha, namba inarudi kwenye kapu.

Njia ya pili ni anwani tuli. Hapo fundi anaandika namba kwa mkono ndani ya kompyuta yenyewe, na kompyuta haimuulizi mpokezi chochote. Ruta haina habari nayo. Kompyuta ya keshia ilikuwa imewekwa hivyo, kwa sababu nzuri: rekodi za mauzo zilikuwa ndani yake, na kompyuta nyingine zilielekezwa kuzifuata kwenye `192.168.1.104`. Namba ingebadilika, zote zingepotea njia. Aliyeiweka alitaka namba isiyohama, na hakukosea katika hilo. Alichokosea ni kuchagua namba iliyo katikati ya zile ambazo ruta inazigawa.

Sasa fuata mambo yalivyokwenda siku za Jumatatu. Duka linafungwa Jumamosi jioni, linafunguliwa Jumatatu saa 2 asubuhi. Saa 24 zimeshapita, kwa hiyo daftari la ruta ni jeupe. Ruta ile ilikuwa inagawa namba kwa mfuatano wa kufika: wa kwanza 100, wa pili 101, hivyo hivyo, na simu za wafanyakazi zinazojiunga na waifai zinahesabiwa pia. Kifaa cha tano kinapata 104. Siku keshia akiwahi na kuwasha kompyuta yake mapema, yule wa tano anapiga hodi, anajibiwa, anaikataa namba ile na kuiambia ruta impe nyingine. Yote hayo yanakwisha kwa sekunde chache na hakuna anayejua kilichotokea. Siku keshia akichelewa, yule wa tano anapiga hodi kwenye chumba ambacho mwenyewe hayupo. Kimya. Anaingia. Keshia anapokuja, kompyuta yake ndiyo inayopiga hodi na kujibiwa kwamba kuna mtu.

Ndiyo maana ujumbe ulikuwa ukitokea kwa keshia, na ndiyo maana kila fundi aliishughulikia kompyuta ya keshia. Anayelalamika kwa kawaida ni aliyefika wa pili. Wakati mwingine zote mbili hutoa ujumbe, hasa moja inapoamka kutoka usingizini ikidhani namba bado ni yake. Lakini kosa lenyewe halikuwa ndani ya kompyuta yoyote kati ya hizo mbili.

Nilipofika niliandika amri hii kwenye kompyuta ya keshia:

```
ipconfig /all
```

Mbele ya `192.168.1.104` palikuwa na neno `(Duplicate)`, na chini yake anwani nyingine inayoanza na `169.254`. Hiyo ya pili Windows hujipa yenyewe ikikosa mahali pa kukaa, na kwayo haiwezi kuzungumza na wenye namba za `192.168`. Fundi aliyenitangulia alikuwa amejaribu `ipconfig /release` na `ipconfig /renew`, akapata ujumbe wa makosa tu. Amri hizo zinaomba namba mpya kwa ruta, na kompyuta yenye anwani tuli haina cha kuomba.

Kilichobaki ni kumjua aliyekalia 104. Nilichomoa kebo ya keshia, nikaenda kwenye kompyuta nyingine, nikaandika:

```
ping 192.168.1.104
arp -a
```

Amri ya kwanza haikupata jibu, `Request timed out`. Wengi huishia hapo na kusema namba iko wazi. Wanakosea, kwa sababu kinga ya usalama ya Windows mara nyingi inazuia majibu ya `ping`. Hodi ya ARP haizuiliwi hivyo, maana bila kuijibu kompyuta isingeweza kuzungumza na mtu yeyote mtandaoni. Amri ya pili ikaonyesha kwamba 104 ina mwenyewe, pamoja na namba ya kadi yake ya mtandao, ile inayoitwa MAC: jozi 6 za herufi na tarakimu. Nikazunguka dukani nikiilinganisha na mstari wa `Physical Address` kwenye kila mashine. Ilikuwa laptopu ya dada anayesanifu kadi za harusi. Asubuhi ile yote programu za mauzo zilikuwa zikigonga kwenye laptopu yake zikitafuta rekodi ambazo haina.

Kama mgongano umeshapita, Windows huacha kumbukumbu. Fungua Event Viewer, sehemu ya System, utafute tukio namba 4199. Humo imeandikwa anwani iliyogombaniwa na MAC ya mgomvi.

Tiba ya haraka ilikuwa kuihamishia kompyuta ya keshia nje ya kapu, tuseme `192.168.1.20`. Hilo lingefanya kazi, ila ningelazimika kuzielekeza upya kompyuta zote 6 zinazofuata rekodi. Nilichagua kuiacha namba ileile na kuiandikisha kwa ruta. Huku ndiko kutenga anwani: unaiambia ruta kwamba mwenye MAC hii, na yeye peke yake, apewe 104. Ni chumba kilichowekwa akiba. Mwenyewe awe amewasha au amezima, hakuna mwingine atakayepewa.

Niliingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP, penye `Address Reservation`, nikaandika MAC ya keshia na `192.168.1.104`. Hapa pana mtego: kompyuta yenye kebo na waifai ina MAC mbili, moja kwa kila njia. Ukiandika ya waifai wakati mashine inatumia kebo, ruta haitaitambua. Kisha nikarudi kwa keshia, nikafuta anwani tuli na kuchagua `Obtain an IP address automatically`. Hatua hii husahaulika sana. Ukiiacha, mashine itaendelea kufuata ilichoandikiwa, na siku mtu akibadilisha namba kwenye ruta kutakuwa na maagizo mawili yanayopingana. Mwisho niliandika `ipconfig /release` na `ipconfig /renew` kwenye ile laptopu ili iachie 104, ndipo nikairudisha kebo ya keshia.

Mwenye duka aliomba simu yake nayo itengewe namba. Inawezekana, ila simu za siku hizi, kuanzia Android 10 na iOS 14, huonyesha MAC ya kubuni badala ya ile ya kiwandani. Utaitambua kwa herufi yake ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, ni ya kubuni. Simu ikiibadilisha, ruta inamwona mgeni. Lazima uzime jambo hilo kwenye mipangilio ya waifai ya dukani kwanza.

Je, nani abaki na anwani tuli? Kwa maoni yangu ruta yenyewe, na kifaa ambacho ni lazima kifanye kazi hata ruta ikifa, mradi namba yake iwe nje ya kapu. Vingine vyote ningevitengea kwenye ruta, kwa sababu hapo kuna daftari moja tu la kusoma. Udhaifu wake ni kwamba ruta ikiharibika na kubadilishwa, daftari linakwenda nayo, kwa hiyo niliandika jina la mashine, MAC na namba kwenye karatasi nikaibandika ukutani nyuma ya ruta.

Ukikuta migongano kwenye mashine nyingi na hakuna hata moja yenye anwani tuli, angalia mstari wa `DHCP Server` katika `ipconfig /all` kwenye kila mashine. Ukisoma majibu mawili tofauti, kuna mtu ameleta ruta ya pili na kuichomeka kwenye swichi, na sasa gesti ina wapokezi wawili wenye madaftari yasiyojuana.

Kabla ya kuondoka nilizima kompyuta ya keshia, nikafuta orodha ya ruta kwa kuiwasha upya, nikaomba watu wajiunge mmoja mmoja kama asubuhi ya Jumatatu. Laptopu ya kadi za harusi ilifika ya tano. Ikapewa 105.