Mkalimani Anapoingia Baina ya Mama na Afisa wa Watoto

Wengi wetu tuna binti, dada au shangazi anayelea watoto Uingereza, na mambo haya humfika bila ya kutarajia. Tuchukue mfano wa mama wa Kimombasa aishiye huko, ambaye mwalimu wa mwanawe wa miaka 6 ameona alama ya damu kuvilia juu ya kiwiko cha mtoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 huilazimisha serikali ya mtaa kuchunguza pale panapokuwa na sababu ya kushuku kwamba mtoto anadhuriwa vikubwa. Afisa anakuja nyumbani na mkalimani. Mama anaulizwa yaliyotokea, naye anajibu kwa Kiswahili safi: "Jana saa mbili aliteleza ngazini, mamake mdogo akamdaka mkono."

Mkalimani asiye mwangalifu anaweza kuigeuza sentensi hiyo mara tatu. Saa mbili yetu ya usiku ataiita saa mbili ya Kiingereza, yaani alasiri, wakati mtoto yuko shuleni. Mkono, ambao kwetu huanzia begani hata vidoleni, ataufanya kiganja, ilhali alama iko juu ya kiwiko. Na mama mdogo, ambaye hapa ni nduguye mama, mahali pengine ni mke mdogo wa baba. Basi anaandikwa mama wa kambo. Mama hakusema uongo hata neno moja, lakini daftari la afisa sasa lina saa isiyowezekana, jeraha lisilolingana na maelezo, na mtu asiyekuwako.

Ndiyo maana kazi huanza kabla ya kubisha hodi. Afisa hukutana na mkalimani faraghani kwa dakika 10 au 15 na kumweleza kusudio la ziara. Humuuliza anatoka wapi, kwa kuwa Kiswahili cha Bukavu si cha Mombasa, na kama anaijua familia ile. Hilo la mwisho si dogo: jamaa zetu ughaibuni ni wachache, na mama akimtambua mkalimani kuwa ni jirani wa wifi yake, hatafungua kinywa. Ni haki jina la mkalimani litajwe mapema ili aweze kumkataa. Na akiwa na mambo ya mwili au ya ndoa ya kueleza, aombe mwanamke.

Hapo pia hukubaliwa namna ya kusema. Mkalimani hunena kama mama mwenyewe, "niliona", wala si "anasema aliona". Hapunguzi, hapambi, hashauri. Neno lenye maana mbili hulitaja wazi kwamba lina maana mbili.

Kukaa kuna siri yake. Viti hupangwa pembetatu, afisa akimwelekea mama na kumtazama yeye, mkalimani akiwa kando kwa umbali ulio sawa. Akikaa bega kwa bega na afisa, huonekana askari. Akikaa na mama, huonekana wakili wake. Kwa mtoto, afisa hushuka zuliani, na mkalimani hukaa chini vilevile, nyuma kidogo, ili mtoto azungumze na anayemuuliza.

Upotoshaji una dalili. Mama amesema maneno mengi, yametoka matatu. Au mama na mkalimani wanajibizana huku afisa akingoja. Afisa mzoefu husimamisha mazungumzo akauliza kilichosemwa. Katika mfano wetu angemwomba mama aoneshe kwenye mkono wake mwenyewe mahali mtoto aliposhikwa, angeuliza kama ilikuwa kabla ya chakula cha usiku au baada yake, na angechora nasaba ya nyumba karatasini. Maswali matatu mafupi, na makosa yote matatu yangefichuka. Ila mazungumzo ya namna hii huchukua takriban muda maradufu, na haraka ndiyo huyaharibu.

Jambo moja wengi huliona jepesi: kumtumia jamaa kutafsiri. Victoria Climbié, mtoto wa Kodivaa aliyezungumza Kifaransa, alifariki London mwezi wa Februari 2000 akiwa na miaka 8, baada ya kuteswa na shangazi wa ukoo aliyekuwa akimlea pamoja na mwanamume aliyeishi naye. Maafisa walikuwa wakipokea maelezo ya shangazi huyo huyo. Ripoti ya Bwana Laming ya mwaka 2003 ilisisitiza mkalimani atumike pale mtoto ambaye lugha yake ya kwanza si Kiingereza anapohitaji kusemezwa kwa ajili ya usalama wake. Kwetu, anayesukumwa mbele mara nyingi ni binti mkubwa mwenye Kiingereza chepesi. Mtoto wa miaka 12 atamtafsiria vipi afisa kwamba babake humpiga mamake?

Mazungumzo yakiisha, mkalimani habaki na familia. Hutoka na afisa, nao hukaa tena dakika chache kulipitia kila neno lililoleta shaka, kabla halijaandikwa.