Tarehe Ambazo Kompyuta Imezikubali

Tuseme kuna duka la vifaa vya ujenzi Morogoro linalouza takriban shilingi milioni moja kwa siku, na hufungwa Mei Mosi na Krismasi tu. Mwenye duka anataka kujua aliuza kiasi gani Aprili 2024. Mfumo wa keshia unamtolea faili la CSV, analibofya mara mbili, Excel inalifungua, naye anaweka fomula ya kujumlisha mauzo ya mwezi huo. Jibu linakuja: milioni moja. Milioni 29 nyingine hazionekani, ingawa hakuna mstari hata mmoja uliofutika.

Chanzo ni kwamba mfumo wa keshia unaandika siku kwanza, kisha mwezi, kama tulivyozoea wengi wetu: 03/04/2024 ni tarehe tatu Aprili. Lakini kompyuta nyingi huja zikiwa na mipangilio ya Marekani, ambako mwezi hutangulia. Excel haikuulizi. Inafuata mipangilio ya kompyuta na kuisoma 03/04/2024 kuwa tarehe nne Machi. Ikifika 13/04/2024 inakwama, kwa sababu hakuna mwezi wa 13, hivyo inauacha mstari huo kama maandishi ya kawaida. Ndiyo maana katika faili la Aprili, siku 12 za mwanzo zinatawanyika kuanzia Januari hadi Desemba, moja kila mwezi, na ni 04/04 pekee inayobaki mahali pake. Siku 18 zilizosalia zinabaki maandishi ambayo fomula inayajumlisha mauzo kwa tarehe inayaruka.

Tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Ndani ya Excel tarehe halisi ni namba: inahesabu siku kuanzia tarehe 1 Januari 1900, na tarehe 1 Aprili 2024 ni 45383. Namba huegemea upande wa kulia wa seli, maandishi huegemea kushoto. Ukiona safu ya tarehe imegawanyika hivyo, nyingine kulia na nyingine kushoto, umeshajua tatizo ni lipi.

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe linaeleweka. Wanaziona zilizoegemea kushoto kuwa ndizo mbovu, wanazirekebisha, kisha wanaendelea na kazi. Ukweli ni kinyume chake. Zile zilizoegemea kushoto ziko salama, kwa kuwa bado zimeandikwa kama keshia alivyoziacha. Za kutiliwa shaka ni zile ambazo kompyuta imezikubali.

Uone hatari yake katika faili la mwaka mzima. Mtu akirekebisha maandishi peke yake, Aprili inapata siku zake 18 za kuanzia tarehe 13, na juu yake inapata siku 12 zilizotoka kila mwezi wa mwaka. Jumla siku 30, tarehe 1 hadi 30, bila pengo. Karibu kila mwezi utakuwa hivyo hivyo, na jumla ya mwaka italingana na faili la mwanzo senti kwa senti. Muhtasari utapendeza. Lakini karibu theluthi ya siku za kila mwezi itakuwa imebeba mauzo ya miezi mingine, na msimu wa watu kujenga utaonekana hafifu kuliko ulivyokuwa.

Basi utajuaje? Duka letu hufungwa Mei Mosi. Ikiwa faili linaonyesha mauzo tarehe 1 Mei, hayo ni mauzo ya tarehe 5 Januari yaliyogeuzwa. Duka lisilofunguliwa Jumapili linaweza kupima kwa njia hiyo hiyo: mauzo ya Jumatatu, tarehe 1 Julai 2024, yakigeuzwa yanaangukia Jumapili, tarehe 7 Januari. Na kama faili lilitolewa mwisho wa Juni, ukakuta tarehe za Oktoba, huhitaji ushahidi mwingine. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote, hata hivyo, ni namba ya risiti. Risiti hupanda, hazirudi nyuma. Panga mistari kwa namba ya risiti, kisha pitia safu ya tarehe kutoka juu kwenda chini; popote tarehe inaporudi nyuma, pana kasoro.

Tiba bora ni kurudi kwenye faili la asili, lile ambalo halijafunguliwa na kuhifadhiwa upya na Excel. Usilibofye. Fungua kitabu kitupu, nenda `Data`, kisha `From Text/CSV`, na kwenye dirisha linalotokea chagua `Do not detect data types` ili kila kitu kiingie kama maandishi. Bonyeza `Transform Data`, kisha kwenye kichwa cha safu ya tarehe bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Change Type`, halafu `Using Locale`. Weka aina ya `Date` na eneo la `English (United Kingdom)`, ambako siku hutangulia. Safu nzima itasomwa kwa utaratibu mmoja, na tarehe isiyowezekana, kama 31/04/2024, itaonyeshwa kuwa kosa badala ya kupita kimyakimya.

Faili la asili likiwa limepotea, itabidi kugeuza upya zilizogeuzwa na kuyasoma maandishi, yote katika safu mpya. Usiandike juu ya safu ya zamani, maana utaihitaji kulinganisha. Ikiwa tarehe ziko safu A na maandishi yana tarakimu mbili za siku na mbili za mwezi, fomula ni hii:

```
=IF(ISNUMBER(A2),
 DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),
 DATE(MID(A2,7,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Mstari wa pili unabadilishana siku na mwezi kwa zile tarehe zilizokubaliwa. Wa tatu unayachambua maandishi. Kuwa mwangalifu na `DATE`, kwani haikatai kitu. Ukiipa siku ya 31 ya Aprili inakurudishia tarehe 1 Mei, na ukiipa mwezi wa 13 inavuka hadi Januari ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo tazama tarehe ya kwanza na ya mwisho ya safu mpya kwa `MIN` na `MAX` kabla ya kuendelea. Zikiwa sawa, ongeza safu ya mwezi kwa `=TEXT(B2,"yyyy-mm")`, na muhtasari utajengwa juu ya hiyo.

Fomula hiyo ina mpaka wake. Inadhani tarehe zote zilitoka chanzo kimoja. Tawi la pili likiwa na mfumo unaoandika 2024-04-05, mwaka mwanzoni kama kiwango cha ISO 8601 kinavyotaka, Excel ilizisoma sawasawa tangu awali, na fomula yetu itaziharibu. Ukiwa na 05/04/2024 peke yake kwenye seli, hakuna hila ya kujua kama ni Aprili au Mei. Jibu liko nje ya seli, kwenye jina la tawi, namba ya risiti, au ripoti ya Z ambayo mashine ya EFD huchapa kila siku. Kwa hiyo faili za matawi zisafishwe kila moja peke yake kabla ya kuunganishwa. Mkishaziunganisha bila safu ya tawi, njia ya kuzitenganisha ni kurudi kwenye karatasi za ripoti ya Z, siku moja baada ya nyingine.