Mzigo wa Mazoezi na Daftari la Mwalimu wa Michezo

Wazazi wa Pwani ambao watoto wao wamepangiwa shule za bweni za Kitale na Bungoma wanajua kuwa huko michezo si jambo la pembeni. St. Anthony ya Kitale na Friends School Kamusinga ya Bungoma ni majina makubwa katika mpira wa magongo, na mashindano ya muhula wa kwanza huwadia upesi. Mtoto akiandika kuwa "mwili umechoka", mzazi hawezi kujua uchovu huo ni wa kawaida au umevuka mpaka. Hata mwalimu hajui, mpaka awe ameandika.

Kuna njia isiyohitaji chombo ila saa na daftari. Asili yake ni kipimo cha juhudi cha Gunnar Borg wa Uswidi, ambacho Carl Foster wa Marekani na wenzake walikirekebisha kwa ajili ya mazoezi. Takriban nusu saa baada ya zoezi, mwalimu humuuliza kila mchezaji: zoezi la leo, kwa jumla, lilikuwa zito kiasi gani, toka 0 hadi 10? Sifuri ni kupumzika, 3 ni wastani, 5 ni nzito, 7 ni nzito sana, na 10 ni mwisho wa uwezo. Jibu huzidishwa kwa dakika za zoezi. Dakika 60 kwa alama 4 ni mzigo wa 240. Jumla ya siku zote ni mzigo wa wiki.

Nusu saa husubiriwa ili mbio za mwisho zisifunike zoezi zima. Na kila mmoja huulizwa peke yake, kwani wakiulizwa kwa pamoja, nahodha akisema 5, timu nzima husema 5.

Sasa tuchukue mfano wa msichana wa Mombasa anayesoma Kitale. Kwa wiki tatu mizigo yake ilikuwa 1,500, 1,700 na 1,600. Wiki ya nne alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, akapata mzigo wa 400 tu kabla ya kuondoka. Wastani wake wa wiki nne ni 1,300. Wiki ya tano amerejea, na mashindano yako Jumamosi.

Jumatatu timu inafanya dakika 60. Wenzake wengi wanasema 4, yeye anasema 6. Jumanne, dakika 75, wao 6, yeye 8. Jumatano, dakika 60, wao 5, yeye 7. Alhamisi ni kama Jumanne. Hesabu ya wenzake imefika 1,440; yake ni 1,980. Uwanja ni ule ule na dakika ni zile zile, lakini mwili wake umebeba zaidi, na amekwisha kuupita wastani wake kwa nusu na ziada kabla ya mechi.

Hapa ndipo rejista ya mahudhurio inapohitajika. Ikiwa mwalimu aliandika "hayupo" tu, atadhani binti alipumzika wiki nzima, kwa hiyo ana nguvu mpya, na pengine atamwongezea mazoezi ili "afidie". Kumbe kutoka Mombasa hadi Kitale ni zaidi ya kilomita 800 za basi, kwenda na kurudi, pamoja na usingizi wa kitini. Kisha amerejea mji ulio mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba. Nafasi tupu kwenye rejista si sifuri. Huenda ilikuwa safari, homa, au kazi za nyumbani, na sababu yapasa kuandikwa kando yake.

Mwalimu mwenye busara angempumzisha Ijumaa, akamchezesha kipindi kimoja Jumamosi, na wiki ifuatayo akampandisha kidogo kidogo.

Njia hii ina udhaifu wake. Mtoto anayeogopa kuachwa nje ya timu atasema 4 hata akiwa hoi, hasa akiona alama zinatumiwa kumhukumu. Dalili yake ni alama isiyobadilika, zoezi liwe jepesi au zito. Wataalamu pia hawajakubaliana ni ongezeko gani hasa huleta jeraha. Kwa hiyo namba kubwa ni sababu ya kumwita mtoto na kumuuliza kuhusu usingizi, maumivu, chakula, na kwa wasichana, siku zao. Saumu nayo huweza kupandisha alama ya zoezi lile lile, na ni haki iandikwe.

Mama anayemrudisha binti shuleni aandike mistari miwili kwa mwalimu wa michezo: alisafiri usiku mangapi, aliugua au la, na alifanya zoezi lolote nyumbani. Mistari hiyo ibandikwe penye nafasi tupu ya rejista.