Kadi ya Kazini na Kadi ya Mara Moja

Dereva wa lori anayetoka bandari ya Mombasa na mnunuzi anayeagiza viatu kwenye tovuti ya ng'ambo, wote wawili wanaweza kuwa na kadi iliyowekewa mipaka. Tofauti ni nani anayewekewa mipaka hiyo. Kadi ya mnunuzi inamkinga na duka asilolijua, ilhali ya kampuni inamchunga yule yule aliyeishika.

Tuanze na ya mnunuzi, kwa kuwa haina mambo mengi. Anafungua programu ya benki kwenye simu, anaomba kadi pepe ya mara moja, anapewa namba, tarehe ya mwisho na CVV. Analipia viatu, na malipo yakishapita, namba ile imekufa. Wezi wakidukua kompyuta za duka mwezi ujao, watakuta namba isiyolipia hata pipi. Pesa ni zake mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayemuuliza amenunua nini. Huduma ya GlobalPay ya M-Pesa na Visa, iliyoanza Kenya mwaka 2022, ni jamaa wa karibu: namba ya kadi inabaki ile ile, ila CVV hubadilika.

Kinga hiyo haizuii duka la uongo kula malipo ya kwanza. Tena kuna maduka ya kweli yanayokata pesa kila kifurushi kinapotumwa. Ukiagiza vitu viwili vikatoka ghalani siku tofauti, cha kwanza kitalipika na cha pili kitakwama. Kwa huduma inayokatwa kila mwezi, kadi ya namna hii haifai kabisa.

Kadi ya kampuni imechukua kazi ya masurufu, zile fedha taslimu ambazo mfanyakazi alipewa kabla ya safari na kutakiwa kuzitolea hesabu akirudi. Tuseme kampuni ya malori imempa dereva wake kadi ya kikomo cha shilingi 50,000 za Kenya kwa wiki, mafuta peke yake. Benki inajuaje kwamba haya ni mafuta? Haijui. Inachokiona ni msimbo wa tarakimu 4 ambao mfanyabiashara alipewa alipowekewa mashine ya malipo. Kituo cha mafuta ni 5541, mgahawa ni 5812, hoteli ya kulala ni 7011. Kadi inapoguswa kwenye mashine, benki iliyoitoa hupokea kiasi pamoja na msimbo huo, ikalinganisha na masharti ya kadi na kujibu papo hapo.

Jumatatu dereva anajaza dizeli ya 28,000 Mombasa, inapita, zinabaki 22,000. Voi anaingia mgahawani, chakula cha 900, kadi inagoma ingawa pesa zipo, maana 5812 haimo kwenye ruhusa yake. Anavuka barabara hadi kituo cha mafuta chenye duka dogo. Duka hilo linatumia mashine ya kituo. Ananunua kuku na soda, 900 ile ile, na kadi inakubali. Kwa benki, hayo ni matumizi ya 5541.

Kesho yake Nakuru anawekewa dizeli ya 22,000. Imeshaingia kwenye tangi, na kadi inakataa: zimebaki 21,100. Mhudumu wa pampu amesimama na mashine mkononi, dereva anampigia mhasibu, na mhasibu hawezi kuelewa mpaka aone risiti ya Voi.

Ndiyo maana nadhani wauzaji wa kadi hizi huisifu mno ile orodha ya matumizi yanayoruhusiwa. Orodha inachuja aina ya biashara, haichuji bidhaa. Kuku ataonekana kwenye risiti tu, na mifumo mingi humtaka mfanyakazi aipige picha mara baada ya kulipa. Kwa Kenya risiti ina kazi nyingine pia: tangu Januari 2024, matumizi mengi ya biashara hayakubaliki kwenye hesabu za kodi bila ankara ya eTIMS yenye PIN ya mnunuzi. Dereva asipoitaja PIN ya kampuni pale kituoni, kadi itakubali vizuri tu, na mhasibu atabaki na gharama asiyoweza kuiondoa kwenye kodi.

Kampuni nyingine huchanganya yote mawili. Karani anayetaka kulipia programu ya kompyuta anaombewa namba ya mara moja yenye kiasi cha ununuzi huo peke yake. Ikishalipa inakufa kama ya mnunuzi wa viatu, lakini kwenye hesabu muamala unabaki na jina la karani, idara yake, na nafasi iliyo wazi inayosubiri risiti.